Uso kwa uso, fomu au simu ya baadae: umuulize vipi mfanyakazi anayeacha kazi kiwandani?

Wakuu, hili limekuwa likiulizwa sana na watu wanaosimamia wafanyakazi huku kwetu Mtwara na Lindi, hasa wenye viwanda vya kubangua korosho lakini pia lodji, shule binafsi na maduka makubwa. Watu wanaacha kazi, unawauliza kwa nini, wanakujibu "matatizo ya kifamilia", mwezi unaofuata wanaondoka wengine watatu na jibu ni lilelile. Sasa mtu anajiuliza, nimkalishe nimhoji siku ya mwisho, nimpe fomu ajaze, au nimwache aende kwanza afu nimpigie simu baadae? Zote tatu nimezifanya na zote zina pa kufaa na pa kutofaa, kwa hiyo naziweka hapa pembeni kwa pembeni mchague kwa hali zenu.

Kabla ya kulinganisha tukubaliane tunapima nini. Mimi naangalia vitu vinne. Cha kwanza ni ukweli, yaani huyu mtu atasema kilichomwondoa kweli au atasema kinachomfaa atoke salama. Cha pili ni wangapi utawapata, maana ukiongea na wawili kati ya kumi huna picha, una hadithi za watu wawili. Cha tatu ni gharama na muda. Cha nne, na hapa ndo wengi wanakwama, ni kama majibu yanaweza kuhesabika na kugeuzwa kuwa jambo moja la kurekebisha, au yanabaki kwenye faili.

Afu kuna mambo ya sheria ambayo yanagusa njia zote tatu, bora uyajue mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikulazimishi kufanya haya mahojiano, na haimlazimishi mfanyakazi kuyakubali. Inachokulazimisha ni kumlipa stahiki zake, ikiwemo kazi aliyofanya na likizo aliyokuwa hajachukua, na kumpa cheti cha utumishi. Kwa hiyo ile tabia ya "jaza kwanza fomu ndo upate cheti chako" iacheni kabisa, sio haki na pia inaharibu majibu yenyewe. Kuhusu notisi, anayelipwa kwa mwezi anatoa siku 28, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anatoa siku 4 tu, na aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza anatoa siku 7. Shikeni hapo kwenye siku 4 maana kiwandani ndo inaamua mengi.

Maswali kwanza, maana ukiuliza vibaya njia zote zinafeli

Swali la "kwa nini unaacha kazi?" ni zuri kwa masikio tu. Linampa mtu nafasi ya kutoa sababu moja yenye heshima, na sababu yenye heshima kuliko zote huku kwetu ni familia, ya pili ni shamba. Na nani atabisha? Mikorosho ya baba ipo kweli, mama anaumwa kweli. Lakini mikorosho ilikuwepo mwaka juzi pia na huyu dada hakuacha kazi, alimtafuta mtu wa kuokota akamlipa akaendelea kuja. Kilichobadilika ni nini?

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Mara ya kwanza kuwaza kuondoka ilikuwa lini, na siku zile kulitokea nini?" Mwaka 1994 wanazuoni wawili wa Marekani, Thomas Lee na Terence Mitchell, walieleza kwamba watu wengi hawaondoki kwa sababu ya kutoridhika kunakopanda polepole tu, mara nyingi kuna tukio linalomshtua mtu aanze kujifikiria upya, na ukiwa umekaa na watu wanaoacha kazi utaona hivyohivyo. Mtu anakumbuka siku. "Ilikuwa ile Jumamosi tulipopimiwa halafu tukaambiwa kilo zimepungua." Hapo tayari una kitu cha kufuatilia.

Mengine yanayofuata ni haya, na hayazidi manne. Ulimwambia nani hilo jambo na ikawaje? Huko unakoenda kuna nini ambacho hapa hakipo? Kipi kingebadilika ungebaki? Na la mwisho, ndugu yako akikuomba umtafutie kazi hapa utamwambia nini? Hili la ndugu lina nguvu sana maana mtu hataki kumdanganya ndugu yake hata kwa mfano, na anaweza kukwepa yote ya juu lakini hapa akakwambia "nitamwambia aje lakini asikubali kupangwa kwa fulani".

Uso kwa uso, siku za mwisho kazini

Ukweli. Hapa ndo udhaifu wake. Huyu mtu bado hajalipwa, cheti hajapata, na anajua kesho kutwa mwajiri mpya anaweza kukupigia kuulizia habari zake. Ongezea na udogo wa miji yetu. Mtwara mjini au Lindi mjini, msimamizi anayetaka kumlalamikia anaweza kuwa shemeji wa jirani yake au wanaswali msikiti mmoja, kwa hiyo atasema tu "hapana bosi, mmenilea vizuri, ni mambo ya nyumbani". Ila ukweli unapanda sana ukifanya mambo mawili: umlipe stahiki zake na kumpa cheti KABLA ya kukaa nae, na anayemhoji asiwe msimamizi wake wa moja kwa moja. Meneja akitaka kuwepo mwambie hapana, kwa heshima lakini hapana.

Wangapi utawapata. Wanaolipwa kwa mwezi karibu wote, una siku 28 za kupanga. Wanaolipwa kwa wiki, shida, siku 4 zinaisha hivihivi na wengi hata hizo hawatoi, Jumatatu humuoni na ndo basi.

Gharama. Dakika 40 hadi saa nzima kwa mtu, na anayehoji awe anajua kunyamaza. Nasisitiza kunyamaza, maana wengi wetu tukisikia lalamiko tunaanza kujitetea na ukishajitetea mara moja tu yale mahojiano yameisha, atakujibu "sawa" mpaka mwisho.

Kuhesabika. Wastani. Unapata maelezo marefu mazuri lakini kila mmoja kaongea kivyake, ni lazima siku hiyohiyo uandike kwa ufupi tukio lilikuwa nini na lilihusu nini, mzani, malipo, msimamizi, usafiri, afya. Ukisubiri wiki unaanza kuandika ulichotaka kusikia.

Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuchimba. Fundi mitambo akikwambia "vifaa", unamuuliza kifaa gani, kiliharibika lini, uliomba kwa nani. Fomu haiwezi hiyo. Na kwa asiyesoma vizuri hii ni heshima zaidi kuliko kumpa karatasi.

Inamfaa zaidi mhasibu, fundi mitambo, mwalimu, meneja wa lodji, nesi, yaani mtu mwenye ujuzi unaoujutia ukiondoka na mwenye notisi ndefu.

Fomu ya kujaza

Ukweli. Inategemea mambo mawili, jina na mpangilio wa majibu. Isiyo na jina inasaidia, lakini kwenye kitengo cha watu wanne kutokuwa na jina hakumfichi mtu yeyote, ametoka mmoja mwezi huu na fomu ni moja, kila mtu anajua ni ya nani. Usimwahidi siri ambayo haipo. Halafu mpangilio: fomu nyingi zina kisanduku "sababu za kifamilia" pale juu kabisa, na watu wanakitiki hicho wanarudisha kalamu. Kigawe. Andika kuhama na mwenza, ugonjwa wangu, kuuguza ndugu, kulea mtoto, kilimo chetu, kila kimoja kisanduku chake, na viweke chini baada ya vile vya kazini. Mruhusu atiki hata vitatu, kisha muulize kipi kilikuwa kikubwa. Utashangaa jinsi "familia" inavyopungua ukishaigawa hivyo, maana mtu hana kisanduku kipana cha kujifichia.

Wangapi utawapata. Wengi, ukiiunganisha na siku ya kulipwa lakini bila kuifanya sharti la kulipwa. Kwa watu wa ofisini unaweza kutuma linki ya kujaza kwenye simu. Kwa wabanguaji wanaopasua ganda la korosho na wamenyaji wanaotoa ile ngozi ya ndani tumia karatasi, ukurasa mmoja tu, Kiswahili cha kawaida, maana wengi wana simu za kitochi na hata mwenye simu janja hatatumia bando lake kwa kazi aliyoshaiacha.

Gharama. Ndogo kuliko zote.

Kuhesabika. Hapa inashinda wazi. Unapanga kwa kitengo, kwa mwezi, kwa muda mtu aliokaa kazini, na unaona wapi panavuja. Lakini inakwambia WAPI zaidi kuliko KWA NINI.

Inafaa pale watu wanapoondoka wengi, kazi zinafanana, na unataka kulinganisha vitengo.

Simu baada ya miezi miwili mitatu

Ukweli. Kwa uzoefu wangu hapa ndo watu wanafunguka. Ameshalipwa, cheti anacho, hasira zimepoa, na ameshaona kwingine kukoje. Wapo wanaokwambia kule alikokimbilia ni pabaya zaidi na angependa kurudi, hiyo nayo ni taarifa. Sharti ni moja, anayepiga asiwe mtu wa kiwandani anayemfahamu. Mwalimu mstaafu, mtu wa tawi jingine, yeyote mwenye lugha nzuri. Kwa mama mtu mzima anaanza na shikamoo, anajitambulisha, anauliza kama ni muda mzuri, na kama sio anapanga muda mwingine. Tena apige jioni, mchana mtu yupo shambani au kwenye kazi mpya hawezi kuongea.

Wangapi utawapata. Hapa ndo inapopungua. Laini zinabadilishwa, wengine wamerudi vijijini Newala au Nanyamba ambako mtandao unakuja na kwenda. Kwa hiyo siku anapoondoka omba namba mbili, yake na ya ndugu wa karibu, na mwambie wazi ya nini na akubali mwenyewe, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitaki utumie namba ya mtu kwa jambo ambalo hakuambiwa. Ujue pia wanaopokea sio sawa na wasiopokea, aliyeondoka kwa uchungu sana anaweza kukata akisikia tu jina la kiwanda, basi usichukulie kimya chake kama hakuwa na neno.

Gharama. Muda wa maongezi na posho kidogo ya mpigaji, dakika 15 hadi 20 kwa mtu.

Kuhesabika. Nzuri, kama mpigaji ana karatasi yenye maswali yaleyale matano kwa mpangilio uleule. Akiachiwa kupiga stori tu unarudi kwenye hadithi.

Inafaa wanaolipwa kwa wiki au kwa kilo, wanaoondoka ghafla, na sehemu ambazo watu wanaogopa wasimamizi.

Mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho

Namba hizi nimezitunga ili tuelewane, lakini hali yenyewe mtu wa kiwanda cha korosho ataitambua. Chukua kiwanda chenye wabanguaji 50, wamenyaji 40 na wapanga madaraja 20, wale wanaotenga korosho kwa ubora. Januari hadi Juni wameondoka 16. Ukisema "16" huoni kitu. Ukigawa unaona kubangua wameondoka 5 kati ya 50, asilimia 10. Madaraja mmoja kati ya 20, asilimia 5. Kumenya 10 kati ya 40, asilimia 25. Sasa hapo hata kabla ya kusoma jibu lolote unajua uende wapi.

Nilitegemea mtu angeanza na kubangua, maana ndo kwenye mafuta ya ganda yanayounguza mikono na ndo kila mgeni anapouliza kuhusu glavu. Namba zinasema hapana, nenda kumenya.

Fomu 16, tisa zimetikiwa familia au kilimo, nne "kazi nyingine", tatu hazijajazwa. Uso kwa uso waliopatikana ni watatu tu na wote wamesema malipo ni madogo. Bosi akiishia hapo atafanya moja kati ya mawili, atasema "watu wa huku hawapendi kazi" au atapandisha bei ya kilo kwa kiwanda kizima, na yote mawili hayagusi tatizo.

Zikapigwa simu. Waliopatikana ni 11, wamenyaji kati yao 7. Kwenye swali la siku ya kwanza kuwaza kuondoka, 5 kati ya hao 7 wakataja jambo lilelile: jioni korosho karanga zinapimwa wao wakiwa wametolewa nje, vipande vinatolewa au vinalipwa bei ya chini, na hawaoni ni vipande kiasi gani. Wawili wakaongeza kwamba walimwambia msimamizi akawajibu anayeona hafai aondoke. Wakaondoka.

Sasa twende taratibu hapa, maana ndo patamu. Malalamiko ni ya mzani, ila chanzo kinaweza kuwa nyuma ya mzani. Korosho karanga ikikaushwa kupita kiasi kwenye oveni inakuwa kavu na dhaifu, mmenyaji akiigusa inavunjika, na isipokaushwa vya kutosha ile ngozi haitoki anakwangua kwa kisu na bado inavunjika. Zingine zimeshafika vipande kutoka kubangua. Kwa hiyo mama wa watu anakatwa hela kwa kosa la oveni au la mtu wa meza nyingine. Usipoenda kuangalia trei zinavyotoka kwenye oveni utamfukuza msimamizi na tatizo litabaki palepale.

Hatua zilizofaa hapo ni tatu na hazina gharama kubwa. Kila mmenyaji anapokea mzigo wake ukiwa umepimwa na vipande vyake vimeshatenganishwa kabla hajaanza. Jioni anapimiwa mbele yake na uzito unaandikwa kwenye daftari lake na la kiwanda. Na mtu wa oveni anajaribu kumenya kidogo kwa mkono kutoka kila trei kabla ya kuitoa, ngozi itoke kwa kusugua bila karanga kukatika. Kuhusu lile jibu la msimamizi, aitwe aongeleshwe bila kutaja nani kasema, na hapo ndo faida ya kuwa na watu watano wanaosema kitu kimoja, hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole.

Afu upime kama imesaidia. Watu wanakosea sana hapa kwa kulinganisha Julai hadi Desemba na Januari hadi Juni. Kwetu Oktoba msimu umeshika, minada inaanza, watu wana mikorosho yao na maghala yanatafuta wapakiaji, wataondoka wengi hata ukifanya kila kitu sawa. Linganisha na miezi ileile ya mwaka jana, na linganisha kumenya na kubangua kwa kipindi kilekile. Kama kumenya imeshuka kuelekea kwenye ile asilimia 10 ya kubangua, umegusa penyewe. Kama vitengo vyote vimepanda pamoja, ni msimu.

Kitu kimoja kingine. Ukihoji unaweza kukutana na jambo zito, mtu anakwambia msimamizi alikuwa anamtaka kimapenzi ndo ampe zamu nzuri. Hilo huwezi kuliweka kwenye hesabu za miezi sita, linafuatiliwa leo. Ndo maana mwanzoni kabisa usiseme "hii ni siri kabisa", sema "sitataja jina lako, ila ukiniambia mtu anadhurika itabidi nichukue hatua, na nitakwambia kabla sijafanya".

Sasa uchague vipi

Kama una wafanyakazi 10 au 15, lodji ndogo au duka la dawa, achana na fomu, namba ni ndogo hazitakuonesha kitu na siri haitakuwepo. Kaa na mtu uso kwa uso baada ya kumlipa, au mwombe mtu wa nje mnayemheshimu wote aongee nae.

Kama ni shule au zahanati na wanaoondoka ni walimu au manesi wenye notisi ya siku 28, uso kwa uso wiki ya mwisho, kisha simu fupi baada ya miezi mitatu yenye swali moja tu, kule kuna nini ambacho kwetu hakikuwepo.

Kama ni kiwanda chenye watu mia na zaidi, fomu ya ukurasa mmoja kwa wote ili uone kitengo kipi kinavuja, kisha simu kwa waliotoka kitengo hicho tu. Huna haja ya kuwapigia wote.

Kama huna hela ya mpigaji wala mtu wa nje, anza hata na daftari, jina la kitengo, tarehe aliyoanza, tarehe aliyoondoka. Miezi sita ya daftari hilo itakwambia kama wanaondoka ndani ya mwezi wa kwanza, ambapo mara nyingi waliahidiwa kitu kingine wakati wa kuajiriwa, au baada ya mwaka, ambapo unatafuta tukio.

Kama malalamiko yanamhusu mwenye kiwanda mwenyewe, njia yoyote inayofanywa na mtu anayelipwa nae na kukaa nae ofisi moja haitatoa kitu, hapo ni simu ya mtu wa nje au usianze kabisa, maana watakaosema ukweli ndio watakaoumia.

Na kama unasoma hii mwezi wa nane au wa tisa, usisubiri waondoke ndo uwaulize. Waite wamenyaji kumi ambao bado wapo, waulize lini mara ya mwisho waliwaza kuacha na kulitokea nini siku hiyo, halafu kabla ya mnada wa kwanza rekebisha moja kati ya waliyotaja, wakiona.